Alama ya Kijani Inapotangulia Pesa: Kukagua Hatua za Malipo za Duka Dogo la Mtandaoni Uganda

Wenye maduka madogo ya mtandaoni wanaopokea malipo kwa simu huwa na malalamiko mawili. La kwanza ni la muuzaji: mteja ametuma picha ya skrini yenye alama ya kijani na maneno "Asante, oda yako imepokelewa", boda imeshaondoka na mzigo, na kwenye akaunti hakuna kilichoingia. La pili ni la mteja: ameagiza kitu kimoja na pesa zimekatwa mara mbili. Ukiyatazama haraka utadhani hayahusiani, lakini chanzo chake ni kimoja. Ukurasa wa malipo umetangaza jambo kabla halijatokea, au umenyamaza wakati mteja alikuwa anasubiri kuambiwa.

Tuchukue duka la mfano. Linauza vitenge, liko Nsambya, Kampala, na wateja wake wengi wanazungumza Kiswahili: wapo wa mjini, wapo wa Busia mpakani, wapo wa Arua, na wapo Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Mama mmoja wa Busia amechagua kitenge cha yadi sita kwa shilingi 68,000. Nauli ya mzigo kwa basi ni 10,000, kwa hiyo jumla ni 78,000. Tumfuate tangu fomu hadi uthibitisho.

Sehemu inayobeba uzito mkubwa kwenye fomu ni namba ya simu, kwa sababu hapa Uganda namba hiyo ndiyo pochi yenyewe. Watu huiandika kwa namna nyingi: 0772 na tarakimu sita zaidi, +256772, 256772, au 772 bila sifuri, tena wengine huacha nafasi katikati. Zote ni sahihi kwa mwandishi wake. Fomu inayomjibu mteja "namba si sahihi" kwa sababu ya nafasi moja inamfukuza mtu aliyekwisha kuamua kununua. Kazi ya kusafisha ni ya seva: iondoe nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, ichukue tarakimu tisa za mwisho, kisha itangulize 256. Huo ndio muundo ambao mfumo wa MTN MoMo unautaka, bila alama ya kujumlisha.

```html
<label for="simu">Namba ya simu itakayolipa</label>
<input id="simu" name="simu" type="tel" autocomplete="tel">
```

Aina ya sehemu iwe `tel`, isiwe `number`. Ukiweka `number`, kivinjari kinaichukulia namba ya simu kama hesabu: hakipokei nafasi, na sifuri ya mwanzo inaweza kupotea njiani. Jina la sehemu nalo likae juu yake muda wote. Maduka mengi huliandika kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku, na mteja akianza kuandika tu linatoweka. Akiinua macho hajui tena kama aliombwa namba ya kulipia au namba ya kupigiwa.

Kutokana na tarakimu za mwanzo seva inaweza kukisia mtandao: 076, 077 na 078 ni MTN, 070, 074 na 075 ni Airtel. Itumie kukisia tu. Mitandao huongezewa mafungu mapya ya namba, na duka linalokataa kila mwanzo lisioujua litakuja kumkataa mteja halali. Uchaguzi ujitokeze wenyewe kwenye skrini, na mteja awe na uwezo wa kuubadilisha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba anayelipa mara nyingi si anayepokea. Mama wa Busia huenda analipia kitenge cha binti yake aliyeko Mbarara. Mkimbizi wa Kyangwali huenda analipa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake. Kijana wa Ntinda ana laini mbili, moja ya pesa na moja ya kuongea. Kwa hiyo ziwepo namba mbili: "Namba itakayolipa" na "Namba ya kumpigia atakayepokea mzigo", na kisanduku cha kuweka alama kama ni ile ile. Kuilinganisha namba inayolipa na jina la mpokeaji, eti kwa ajili ya usalama, kutawazuia watu waaminifu wengi kuliko matapeli.

Anwani nitaipita haraka. Programu nyingi za maduka huja na visanduku vya jimbo na msimbo wa posta, ambavyo hapa havimfikishi mtu popote. Kampala mzigo hufikishwa kwa jina la mtaa, alama inayojulikana na steji ya boda iliyo karibu. Nje ya Kampala hufikishwa kwa jina la mji na basi litakalochukua mzigo. Kisanduku kimoja kikubwa chenye mfano ("Kisaasi, nyuma ya kituo cha mafuta, steji ya boda ya sokoni") kinatosha. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya kitambulisho viondolewe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ukusanye taarifa zile tu ambazo kazi yako inazihitaji, na kitenge hakihitaji siku ya kuzaliwa.

Kabla ya kitufe cha kulipa, mteja aione oda yote pamoja: bidhaa, nauli, jumla, namba itakayolipa, mahali pa kupelekwa, na njia ya kurudi kurekebisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka muuzaji ampe mnunuzi nafasi ya kuupitia muamala mzima, kusahihisha makosa na kujitoa kabla hajaagiza. Nauli inayojitokeza baada ya hapo ni kumvizia mtu.

Hapo hapo ikague jumla ilivyoandikwa. Shilingi ya Uganda haina senti katika matumizi, na kiwango cha kimataifa cha sarafu kinaiorodhesha UGX bila desimali. Andika 78,000, usiandike 78,000.00. Si suala la macho tu. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya dola mara nyingi huzidisha kiasi kwa 100 ili kupata senti kabla ya kukituma. Ikifanya hivyo kwa shilingi, simu ya yule mama itaombwa 7,800,000. Mtumie ombi ndugu yako mmoja na usome kiasi kilichofika kwenye simu yake, maana kiasi kinachoonekana kwenye ukurasa wako hakithibitishi kilichotumwa.

Sasa mama anabonyeza "Lipa sh 78,000". Hapa ndipo maduka mengi yanapoharibikiwa, kwa hiyo twende taratibu.

Seva ya duka inatengeneza namba ya kumbukumbu isiyojirudia na kutuma ombi la malipo kwa mtandao wa simu. Kwa MTN MoMo, ombi linaonekana hivi kwa ufupi:

```
POST /collection/v1_0/requesttopay
X-Reference-Id: <namba ya kumbukumbu>

202 Accepted
```

Jibu 202 linasema ombi limepokelewa ili lishughulikiwe, basi. Pesa haijasogea, na simu ya mama huenda haijalia bado. Ni kama kumkabidhi askari wa geti barua ya bosi: askari ameipokea, bosi hajaifungua. Lakini mtengenezaji wa tovuti aliyezoea kwamba majibu yanayoanzia 2 ni mafanikio hufungua ukurasa wa shukrani papo hapo, na alama ya kijani juu. Picha ya ukurasa huo ndiyo iliyomfikia muuzaji wetu. Huenda mteja hakughushi chochote. Ukurasa ndio uliosema uongo.

Hali halisi ya malipo huulizwa kwa namba ile ile ya kumbukumbu, na jibu huwa moja kati ya matatu: `PENDING`, `SUCCESSFUL` au `FAILED`. Skrini za baada ya kitufe lazima ziwe tatu, kila moja na sura yake. Duka lenye skrini mbili tu, ya shukrani na ya kosa, litalazimika kumdanganya mteja kila anapokuwa katikati.

Skrini ya katikati ndiyo inayostahili kazi zaidi, kwa sababu wakati huo tukio haliko kwenye ukurasa, liko kwenye simu. Dirisha la mtandao wa simu linajitokeza juu ya kivinjari, mara nyingi kwa Kiingereza, likitaja kiasi, jina la anayeomba, na kutaka PIN. Duka dogo linalopitia kampuni ya kati ya malipo linaweza kukuta jina linaloonekana pale ni la kampuni hiyo. Mama aliyeagiza vitenge akiona jina asilolijua likimwomba 78,000, atakataa, na atakuwa amefanya la busara. Kwa hiyo skrini ya kusubiri imwandae:

"Angalia simu yako. Tumetuma ombi la sh 78,000 kwa namba inayoishia 214. Jina utakaloona ni (jina kamili kama linavyotokea). Weka PIN yako kwenye simu, si kwenye ukurasa huu. Usibonyeze kulipa tena. Ukifunga ukurasa huu oda yako haipotei."

Tarakimu za mwisho za namba zina kazi: aliyekosea namba anagundua hapo badala ya kusubiri ombi lililokwenda kwa mtu mwingine. Na sentensi ya PIN isiondolewe hata kama mchoraji wa ukurasa analalamika kwamba maneno yamekuwa mengi. Tovuti ya duka haina sababu yoyote ya kuwa na kisanduku cha PIN ya pesa za simu. Ukikikuta wakati wa ukaguzi, kifutwe siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa sura, skrini hii isiwe na alama ya tiki mahali popote, isiwe ya kijani wala nyekundu. Saa ndogo au duara linalozunguka kwenye rangi ya kijivu au ya bluu inatosha, na maneno "Tunasubiri uthibitisho wako" yaandikwe kwa herufi kubwa za kusomeka juani. Duara peke yake bila maneno halimwambii mtu kama asubiri au akimbie. Hapa Uganda kuna mtego wa ziada ambao miongozo ya nje haiutaji: rangi za mitandao yenyewe. MTN ni njano na Airtel ni nyekundu. Nembo nyekundu ikikaa kubwa katikati ya skrini ya kusubiri, mteja wa Airtel anasoma "imeshindikana" kabla hajasoma neno lolote, na njano humsomekea wa MTN kama onyo. Nembo zibaki pale mteja anapochagua mtandao. Kwenye skrini za hali, rangi izungumzie hali peke yake, tena isiachwe peke yake bila neno na umbo, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Turudi kwa mama. Saa 8:02 mchana amebonyeza. Mtandao wa Busia mchana huo ni mzito, dirisha halijafika. Saa 8:03 duara bado linazunguka, hakuna maneno. Anafanya ambalo yeyote angelifanya: anaufungua ukurasa upya na kubonyeza tena. Seva inatengeneza namba mpya ya kumbukumbu na kutuma ombi la pili. Saa 8:04 mtandao unazinduka, maombi yote mawili yanafika moja baada ya jingine, na yeye anadhani la kwanza halikukubali PIN. Anaweka PIN mara mbili. Amelipa 156,000 kwa oda ya 78,000, na kila muamala una kumbukumbu yake halali, kwa hiyo upande wa mtandao wa simu hakuna kosa la kuonekana.

Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa hakutibu, kwa kuwa ukurasa ukifunguliwa upya kitufe kinafufuka. Dawa iko kwenye seva. Namba ya kumbukumbu itengenezwe na kuhifadhiwa pamoja na oda kabla ombi halijatumwa, na oda moja iwe na jaribio moja tu lililo hai. Mama akirudi saa 8:03, seva iikute kumbukumbu ya zamani, iulize hali yake, na ikiwa bado ni `PENDING` imrudishe kwenye skrini ya kusubiri bila kutuma kitu. Ombi jipya liruhusiwe baada ya la kwanza kuwa `FAILED`, si kabla. Kumbukumbu ile ile ikitumwa tena kwa bahati mbaya, mfumo wa MTN huikataa kwa jibu 409, na huo ni ulinzi ambao duka hujinyima lenyewe linapotengeneza kumbukumbu mpya kila mbonyezo.

Je, seva itajuaje kwamba mama ameweka PIN? Kuna njia mbili na zote zinahitajika. Ya kwanza ni taarifa ambayo mtandao wa simu huituma kwenye anwani ya duka muamala unapomalizika. Kwa MTN taarifa hiyo hutumwa mara moja: seva yako ikiwa imelala dakika hiyo, hairudiwi. Ya pili ni seva kuuliza yenyewe, tuseme kila sekunde tano kwa dakika ya kwanza, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, na iendelee hata mteja akiwa amefunga ukurasa. Duka linalotegemea taarifa peke yake litakuwa na oda zilizolipwa ambazo halizijui. Linaloacha kazi ya kuuliza kwa ukurasa wa mteja litazipoteza za watu ambao kivinjari kilijifunga dirisha la PIN lilipotokea, jambo la kawaida kwenye simu zenye kumbukumbu ndogo.

Wapo pia wanaotumia Opera Mini ikiwa imewekwa kubana data kwa kiwango cha juu. Humo kazi zinazojirudia zenyewe kwenye ukurasa husimama muda mfupi baada ya kufunguka, kwa hiyo skrini haitabadilika kamwe. Kiungo cha kawaida chenye maneno "Angalia hali ya malipo" chini ya ujumbe kinawaokoa, na ni mstari mmoja tu.

Dirisha lisipojitokeza kabisa, mteja wa MTN anaweza kulitafuta ombi kwa kupiga *165# na kuingia kwenye akaunti yake, sehemu ya My Approvals. Maelekezo hayo yasiwekwe mapema. Yajitokeze baada ya nusu dakika hivi, pale mtu anapoanza kuwa na wasiwasi. Na muda ukizidi, ukurasa usiandike "Malipo yameshindikana" kwa sababu tu umechoka kusubiri. Ukimya wa mtandao hauthibitishi kwamba malipo yameshindikana. Sentensi ya kweli ni: "Bado hatujapata jibu. Kama umeshaweka PIN, usilipe tena. Tutakutumia SMS jibu likifika."

Jibu likiwa `FAILED`, mfumo hutoa sababu, na sababu hiyo itafsiriwe kuwa hatua ya kuchukua. `NOT_ENOUGH_FUNDS` iwe "Salio halitoshi kwa sh 78,000. Ongeza pesa au tumia namba nyingine." `APPROVAL_REJECTED` iwe "Ombi lilikataliwa kwenye simu. Hakuna pesa iliyokatwa." `EXPIRED` iwe "Muda wa ombi umekwisha. Tuma tena." Maneno "Hakuna pesa iliyokatwa" ndiyo mteja anayoyatafuta kwanza, kwa hiyo yakae juu, na oda yake ibaki vilevile bila kumlazimisha ajaze fomu upya. Nyekundu ina nafasi yake hapa, lakini kwenye alama na kichwa cha habari. Ukurasa mzima mwekundu humfanya mtu adhani ameibiwa.

Likiwa `SUCCESSFUL`, seva ilinganishe kwanza: kiasi ni 78,000, sarafu ni UGX, kumbukumbu ni ya oda hii. Ndipo tiki ya kijani itoke. Chini yake yaandikwe "Umelipa sh 78,000", saa, namba ya oda, na namba ya muamala, ile inayokuja katika `financialTransactionId`, ambayo mteja anaweza kuilinganisha na ujumbe wa mtandao kwenye simu yake. Halafu kinachofuata kwa maneno kamili: mzigo utapakiwa kwenye basi kesho asubuhi, na namba fulani itampigia mpokeaji. Taarifa hizo hizo ziende kwa SMS, kwa sababu ukurasa utafungwa.

Upande wa muuzaji kuna kanuni moja. Boda au basi halipewi mzigo kwa picha ya skrini, wala kwa ujumbe uliosambazwa na mteja, maana vyote viwili huigizwa kirahisi. Duka liwe na ukurasa wake wa ndani unaoonyesha hali ya kila oda kutoka kwenye seva ile ile, na mfungaji mizigo aangalie hapo. Anwani ya ukurasa wa shukrani nayo ikaguliwe. Ikiwa ni kitu kama `/asante?hali=imelipwa`, iandike kwa mkono kwenye kivinjari kisichokuwa na oda yoyote. Tiki ikitokea, duka linaamini anwani badala ya pesa, na yeyote anaweza kujitengenezea risiti.

Mambo haya yote hujaribiwa kwa bidhaa ya majaribio ya shilingi 500 na simu halisi, kwa laini ya kila mtandao. Lipa kama kawaida. Kataa ombi. Liache bila kuligusa hadi muda uishe. Fungua ukurasa upya katikati, ubonyeze tena, kisha hesabu maombi yaliyofika kwenye simu. Mwisho, bonyeza kulipa, funga kivinjari kabisa, weka PIN, halafu mwulize mfungaji mizigo, bila kumwambia ulichofanya, oda hiyo inasemaje kwake.